Kiroba, gunia au kreti? Mavuno yanayofika Muhima yakiwa mazima

HATI YA KIPINDI CHA REDIO

Wanaozungumza: Mtangazaji wa kwanza, Mtangazaji wa pili, Mkulima (mama anayeishi kambini kusini mwa Rwanda), Mchuuzi (mama anayeuza nyanya na viazi Muhima, Kigali).

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA TARATIBU.)

MTANGAZAJI WA KWANZA: Kama uko na jirani yako, mwite asogee karibu, maana ya leo yanamhusu kila anayelima japo kipande kidogo, na kila anayenunua shambani ili akauze sokoni. Tunazungumza juu ya chombo cha kuwekea mavuno. Utachukua kiroba, gunia la juti, au kreti ya plastiki?

MTANGAZAJI WA PILI: Mtu anaweza kusema, "Kwani kuna nini cha kuzungumza? Gunia ni gunia." Lakini yupo mama aliyelima nyanya miezi mitatu, akazipoteza ndani ya saa chache barabarani. Mvua haikumwonea, wala wadudu. Zilipondeka ndani ya chombo alichozitia. Msikilize mwenyewe.

(SAUTI ZA SOKONI. WABEBA MIZIGO WANAPITA, MOTO ZINAPIGA HONI.)

MKULIMA: Sisi ni wanawake sita, tuna shamba la kukodi karibu na kambi. Mwaka ule nyanya zilikubali kwelikweli. Tukazitia kwenye viroba vinne, vya kilo 50 kila kimoja, tukapakia kwenye gari usiku. Asubuhi tumefika hapa chini ya Muhima, viroba vinatoa maji. Nikasema, labda ni umande. Kumbe ni nyanya zenyewe. Nilipokifungua kile cha kwanza, za juu zilikuwa nzuri, zinang'aa. Nikaingiza mkono hadi chini, ukatoka na uji.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Pole sana, mama. Ukafanya nini?

MKULIMA: Nikakaa pale tangu saa moja, mwanangu, nachagua. Nzima huku, zilizopasuka kule. Wateja wakubwa walikwisha kununua kwa wengine. Zilizopasuka nikawapa wauza chakula kwa bei ya kutupa.

(SAUTI ZA SOKONI ZINASHUKA.)

MTANGAZAJI WA PILI: Tuelezane kwanza mahali penyewe. Muhima ni mtaa wa Kigali, wilayani Nyarugenge, unaoteremka kutoka katikati ya mji kuelekea Nyabugogo. Magari yanayotoka kusini, kutoka Huye na Muhanga, yanavuka mto Nyabarongo na kuingia mjini kwa upande huo wa Nyabugogo. Kwa hiyo mzigo unaofika hapa umekwisha kusafiri. Kutoka Huye tu ni zaidi ya kilomita 120 za vilima na kona, na kabla ya lami kulikuwa na njia ya vumbi kutoka shambani. Chombo chako kinajaribiwa na safari yote hiyo.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Basi tuvitambue vyombo vyenyewe, maana majina ni mengi. Cha kwanza ni kile ambacho Wanyarwanda wanakiita umufuka. Wengine mnakiita kiroba, wengine gunia la nailoni. Kimefumwa kwa nyuzi bapa za plastiki, aina inayoitwa polipropilini. Ndicho kilicholeta unga, mchele na mbolea. Ni chepesi na ni rahisi kupatikana.

Cha pili ni gunia la juti, lile la rangi ya kahawia, lenye nyuzi nene za mmea. Wengi wanaliita gunia la katani, ingawa katani ni mmea mwingine. Ndilo gunia la kahawa. Gunia kubwa la kilo 100 likiwa tupu lina uzito wa karibu kilo moja.

Cha tatu ni kreti ya plastiki, yenye matundu pande zote na ukingo mgumu. Waliozoea Kifaransa wanaiita kaziye, kama ile ya bia. Ya nyanya huwa pana zaidi na fupi, nayo hubeba kilo 20 hivi au zaidi kidogo.

MTANGAZAJI WA PILI: Hakuna chombo kilicho bora kwa kila kitu. Uliza zao lako kwanza: Una maji kiasi gani ndani yako? Haragwe kavu halina maji mengi, ni gumu, haliumii likibanwa. Kiazi kina maji, tena kiko hai, kinapumua na kutoa joto. Nyanya ni maji yaliyofungwa kwa ngozi nyembamba. Kadiri zao lilivyo na maji, ndivyo linavyohitaji hewa na kinga dhidi ya kubanwa. Tutaanza na nyanya, kwa sababu ndiyo yenye hasara ya haraka.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA KWANZA: NYANYA NA UZITO ULIO JUU YAKE

MTANGAZAJI WA KWANZA: Mama alisema za juu zilikuwa nzuri na za chini zilikuwa uji. Maelezo ya hasara yake yote yamo humo. Kiroba cha nyanya kikisimamishwa, nyanya ya chini kabisa inabeba nyanya zote zilizo juu yake. Na gari lilipojaa, kiroba kingine kikalazwa juu, na juu ya hicho akakaa mtu. Kiroba hakina mfupa. Hakiwezi kubeba chochote chenyewe. Kila uzito unaowekwa juu yake unapita moja kwa moja hadi kwenye nyanya.

MTANGAZAJI WA PILI: Kreti ina mfupa. Ukiweka kreti juu ya kreti, uzito wa ile ya juu unashuka kwenye kuta na pembe za ile ya chini, hadi sakafuni. Nyanya zinabeba nyanya wenzao wachache tu waliomo humohumo, kwa sababu kreti ni fupi.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Lakini sharti moja lipo, na hapa ndipo wengi wanaponunua kreti kisha wanalalamika kwamba hazisaidii. Tumsikie mama anayepokea mizigo Muhima.

MCHUUZI: Mimi naletewa kreti nzuri kabisa, mpya, halafu zimejazwa mlima! Mkulima anaogopa kwamba nitasema amepunja. Sasa kreti ya juu inakaa juu ya nyanya, haikai juu ya ukingo. Inazisaga. Nafungua, safu ya juu yote imepondwa. Namwambia, "Kaka, kreti si kikapu. Ukijaza hadi ipite ukingo, umerudi kwenye gunia."

MTANGAZAJI WA PILI: Jaza mpaka vidole viwili chini ya ukingo, ukome hapo. Ukipanga kreti juu ya nyingine, usikie plastiki ikigonga plastiki. Kama haigongi, toa nyanya chache.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Na jeraha la nyanya halionekani siku hiyohiyo. Nyanya iliyobanwa usiku inaweza kuonekana nzima asubuhi. Kesho yake panalegea, panakuwa na doa la majimaji, kisha ukungu unaingia. Maji yake yanalowesha jirani yake, naye anaoza. Mnunuzi wa Muhima anaijua tabia hiyo. Akiona kiroba kimelowa chini, anashusha bei hata kwa zile nzima, kwa sababu anajua nyingine zitamfia mkononi kesho.

MCHUUZI: Ndiyo. Mimi nikiona maji chini ya mzigo, siulizi tena.

MTANGAZAJI WA PILI: Kreti haitibu kosa lililofanyika shambani. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kwa maana nyanya iliyolowa inaoza upesi. Kama safari ni ndefu, chagua zinazoanza kugeuka rangi, usingoje ziive kabisa. Zisubiri gari kivulini. Iliyopasuka isiingie kabisa kwenye kreti, hata kama ni moja. Na kreti zikirudi, zioshwe kwa maji na sabuni, zisuuzwe na kuanikwa juani, kwa sababu maji ya nyanya iliyooza ya safari iliyopita yanaambukiza nyanya za safari hii.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA PILI: HESABU YA KRETI

MKULIMA: Haya, nimekubali kwamba kreti ni nzuri. Lakini mwanangu, kreti moja inanunua viroba vingapi? Sisi wanawake sita tutazitoa wapi fedha hizo?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Umeuliza swali la haki, mama. Tulipigie hesabu hapahapa, na wasikilizaji wachukue kalamu. Bei tunazotaja ni za mfano tu. Wewe utaweka bei za soko lako, lakini njia ni hiihii.

Tuseme mna kilo 200 za nyanya. Nyanya nzima inauzwa faranga 500 kwa kilo, na iliyopasuka faranga 150. Mmezitia kwenye viroba vinne. Katika kilo hizo 200, kilo 20 zimekuwa uji wa kutupa, kilo 30 zimepasuka, kilo 150 ni nzima. Kilo 150 mara 500 ni faranga 75,000. Kilo 30 mara 150 ni faranga 4,500. Jumla mmepata 79,500.

MTANGAZAJI WA PILI: Sasa kilo hizohizo 200 ziko kwenye kreti kumi, kila moja kilo 20. Tuseme zilizoumia ni kilo 10 tu, nazo zinauzika kwa bei ya chini. Kilo 190 mara 500 ni faranga 95,000. Kilo 10 mara 150 ni faranga 1,500. Jumla 96,500. Tofauti na ya kwanza ni faranga 17,000.

MKULIMA: Kwa safari moja?

MTANGAZAJI WA PILI: Kwa safari moja. Lakini usifurahi bado. Kreti tupu lazima zirudi, na mwenye gari atataka chake. Tuseme ni faranga 3,000. Zimebaki 14,000. Kreti kumi, tuseme kila moja faranga 6,000, ni 60,000. Gawa 60,000 kwa 14,000. Utaona kwamba safari nne hazitoshi kulipa kreti, na katika safari ya tano zimekwisha kulipwa na faida imeanza kubaki mfukoni.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Nyanya hazichumwi siku moja. Shamba likianza kuiva, mnachuma tena na tena kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo safari tano zinaweza kupatikana ndani ya msimu mmoja. Lakini kama shamba lenu ni dogo na mtakuja Muhima mara mbili tu, hesabu inakataa. Hapo msinunue. Kodini, au jiungeni na kikundi kingine mnunue pamoja na mpeane zamu.

MTANGAZAJI WA PILI: Na yuko adui mmoja wa hesabu hii, naye ni kreti isiyorudi. Tuseme kila safari mnapoteza kreti moja. Ni faranga 6,000 zimeondoka. Ile faida ya 14,000 inakuwa 8,000. Sasa mtahitaji safari nane kulipa fedha zilezile, na msimu umekwisha.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Kreti zinapoteaje hapa sokoni?

MCHUUZI: Hazipotei, zinatembea! Mtu ananunua nyanya, anasema, "Mama, nitaleta kreti jioni." Jioni haji. Nyingine tunazikuta zimekuwa viti, zimekuwa meza za kuuzia ndizi. Sasa mimi nina daftari. Anayeondoka na kreti anaacha fedha ya dhamana. Akirudisha, anachukua fedha yake. Asipoacha dhamana, namimina nyanya kwenye chombo chake.

MTANGAZAJI WA PILI: Basi fanyeni hivyohivyo. Andikeni alama ya kikundi kwenye kila kreti, iliyochomwa kwa chuma cha moto au iliyoandikwa kwa rangi isiyofutika. Muwe na mtu mmoja mwenye daftari. Na mhesabu kreti mara mbili, zinapopanda gari na zinaposhuka kambini.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA TATU: VIAZI, VIUMBE VINAVYOPUMUA

MTANGAZAJI WA KWANZA: Tuhamie kwenye viazi mviringo, vile ambavyo huku vinaitwa ibirayi. Kiazi ni kigumu kuliko nyanya, kinavumilia gunia. Lakini ukikitia gizani, kwenye hewa, kinakaa. Ukikitia penye mwanga kinageuka rangi, kinakuwa kijani chini ya ganda. Rangi yenyewe haina neno, ila inakujulisha kwamba ndani ya kiazi imeongezeka sumu yenye uchungu. Inaweza kuleta tumbo na kutapika. Mnunuzi akiona kijani anakataa.

MTANGAZAJI WA PILI: Hapa gunia la juti linakishinda kiroba cheupe. Nyuzi zake nene zinazuia mwanga, lakini zina nafasi ya kupitisha hewa, hivyo joto na jasho la viazi vinatoka. Kiroba cheupe kinaruhusu mwanga kupenya, na kama kimefumwa kwa kubana sana, unyevu unabaki ndani. Ukifungua kiroba cha viazi kilichokaa siku kadhaa, ingiza mkono katikati. Ukisikia joto na unyevu, uozo uko njiani.

MCHUUZI: Juti ina jambo jingine. Haitelezi. Ukipanga viroba virefu, chini kukilowa kidogo vinateleza kama sabuni, mlima mzima unaanguka. Magunia ya juti yanashikana.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Na kule kwa wanunuzi wa nafaka na kahawa wana kifaa kinaitwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutoboa gunia na kuchukua sampuli. Ukitoboa juti, nyuzi zinarudi mahali pake na tundu linajifunga. Ukitoboa kiroba, uzi umekatika, na tundu hilo linazidi kupanuka.

MKULIMA: Lakini juti ni ghali, na haionekani ovyo.

MTANGAZAJI WA PILI: Ni kweli, mama. Tena ina udhaifu wake. Inakunywa maji. Ukiiweka juu ya sakafu yenye unyevu, inavuta maji hayo kama utambi wa taa na kuyapandisha hadi kwenye mzigo. Mvua ikiinyeshea haikauki upesi, na ikikaa mbichi inaoza. Kwa hiyo kama huna mahali pakavu, juti itakuponza. Na kama huwezi kuipata, chagua kiroba kilichofumwa kwa nafasi au mfuko wa wavu, kisha ufunike viazi kwa kitu kinachozuia mwanga bila kuzuia hewa. Gunia kuukuu la juti lililokatwa na kutandazwa juu linatosha.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Jambo la ukubwa wa gunia nalo tusiliruke. Gunia likijazwa mpaka linashonewa kofia juu, Tanzania wanaliita lumbesa, na sheria ya vipimo huko inalikataza. Kenya nayo, kwa kanuni za mwaka 2019, iliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Ni kwa sababu mkulima alikuwa anatoa kilo nyingi kwa bei ya gunia moja, na mbebaji alikuwa anavunjika mgongo. Hata mahali ambapo hakuna anayekukagua, pima kwa kilo, uza kwa kilo. Mbebaji wa kilo 50 huliteremsha gunia. Wa kilo 120 hulitupa, na viazi vilivyotupwa vinachubuka.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA NNE: MAHARAGE NA MAHINDI

MTANGAZAJI WA PILI: Sasa tumefika mahali ambapo kiroba ndicho mfalme. Wakimbizi wa kambi ya Mugombwa wanaolima pamoja na wenyeji katika bonde la Misizi, wilayani Gisagara, wanavuna mahindi na maharage. Kwa nafaka na kunde zilizokauka, huhitaji kreti, wala huhitaji kugharimia juti. Kiroba kinatosha. Lakini neno "zilizokauka" ndilo lenye uzito.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Utajuaje kama zimekauka? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia chumvi kavu kidogo, kama kijiko kimoja au viwili. Tia maharage au mahindi yajaze kama robo ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie dakika chache. Ukiona chumvi imeganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina maji. Irudishe juani. Ukiona kuta ni safi na chumvi imeshuka chini, unaweza kuitia kwenye kiroba.

MTANGAZAJI WA PILI: Ukiifunga ikiwa na maji, inapata joto, inaota ukungu. Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Hakuna gunia linaloweza kukukinga na hilo.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Viroba vingi tunavyotumia ni vya zamani. Kagua mambo matatu. Kwanza, kilibeba nini? Cha mbolea au dawa za shambani kisiwekwe chakula kamwe, hata ukikifua mara kumi. Cha unga au mchele hakina shida. Pili, kina mayai ya fukusi? Kigeuze ndani nje, kung'uta mishono, kitumbukize kwenye maji ya moto, kisha kianike mpaka kikauke kabisa. Tatu, kimechoka? Plastiki hii inaharibiwa na jua. Sugua kwa vidole. Kikitoa vumbi jeupe, na nyuzi zikikatika kama majani makavu, kitapasuka begani mwa mbebaji. Kwa hiyo usihifadhi viroba juu ya paa, na usifunike mzigo kwa viroba juani mwezi mzima halafu uvitegemee.

MKULIMA: Na fukusi? Maana maharage yanaingia kiroba mazima, baada ya miezi miwili yana matundu.

MTANGAZAJI WA PILI: Kiroba cha kawaida hakizuii fukusi, mama, wala juti haizuii. Hewa inapita, na mdudu anahitaji hewa. Kwa kuweka miezi mingi upo mfuko wa tabaka tatu, unaojulikana kwa jina la PICS. Nje ni kiroba cha kawaida, ndani kuna mifuko miwili ya plastiki nzito. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, wakianzia na kunde za wakulima wa Kameruni miaka ya 1980. Unajaza nafaka kavu, unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake kwa nguvu. Fukusi waliomo wanatumia hewa iliyobaki, kisha wanakoma kula na kuzaa. Hakuna dawa.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Lakini ukiufungua kila siku kuchota ya jioni, umewaletea hewa. Chakula cha wiki kiwe kwenye kiroba cha kawaida, na cha miezi ijayo kiwe kwenye PICS, kifungwe. Panya akiutoboa, umekuwa kiroba cha kawaida.

MTANGAZAJI WA PILI: Na tahadhari ya sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko laini ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza plastiki za kutumia mara moja. Usijibunie mwenyewe kwa kutia mfuko laini uliopenya mpakani ndani ya kiroba. Unaweza kukamatwa nao njiani, na mzigo ukakawia. Nunua mfuko wa kuhifadhia nafaka kwa muuza pembejeo anayetambulika.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Mahali pa kuweka ni nyumba zetu za kambini, ndogo, mara nyingi za sakafu ya udongo. Panga miti au matofali chini ili hewa ipite chini ya mzigo. Acha nafasi ya mkono kati ya gunia na ukuta. Gunia linaloegemea ukuta wenye unyevu linaoza upande mmoja, na hutaliona mpaka siku ya kulifungua.

(SAUTI ZA SOKONI ZINARUDI.)

MTANGAZAJI WA PILI: Mama, ukirudi Muhima msimu ujao, utakuja na nini?

MKULIMA: Tumekubaliana hivi. Nyanya, tutakodi kreti kumi kwa safari mbili za kwanza, tuone kama hesabu yenu ni ya kweli. Ikiwa ya kweli, tutanunua tano tano. Maharage yatabaki kwenye viroba, vipya viwili na vile vya mchele. Viazi ni vichache, tutavitia kwenye magunia mawili ya juti ambayo jirani anayo. Na daftari la kreti nitashika mimi, maana wenzangu hawajui kukasirika.

MCHUUZI: (ANACHEKA) Njoo nazo, dada yangu. Ila usijaze mlima.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA.)

MTANGAZAJI WA KWANZA: Mpenzi msikilizaji, kwa kifupi ni haya. Zao kavu na gumu, kiroba, baada ya kupima kwa chumvi. Zao linalopumua na linalochukia mwanga, gunia la juti, mahali pakavu. Zao laini lenye maji, kreti, isiyopita ukingo na yenye mtu wa kuirudisha.

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Katika mazao mnayolima au kununua, ni lipi linaloharibika njiani? Uharibifu unaanzia juu, katikati au chini ya chombo? Hilo linawaambia nini?

2. Pigeni hesabu ya kreti kwa bei za soko lenu. Mngehitaji safari ngapi ili kreti zijilipe? Je, msimu wenu una safari hizo? Na kama mngepoteza kreti moja kila safari?

3. Leteni viroba vitatu vya zamani. Vikagueni pamoja: kilibeba nini, kina mayai ya fukusi, kimechoka kwa jua? Kipi kinafaa chakula, na kipi kibaki cha kubebea kuni?

MTANGAZAJI WA PILI: Tukutane kipindi kijacho. Kwa sasa, kwaherini.

(MUZIKI MPAKA MWISHO.)